Nyama iliyoyeyuka: irudi kwenye barafu au iende chunguni?

Mto Ruzizi unatokea Ziwa Kivu palepale Bukavu, na mabwawa yake ya umeme hayako mbali: Ruzizi ya Kwanza ni ya miaka ya 1950, na Ruzizi ya Pili, ya 1989, inagawa umeme wake kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Ukaribu huo haujawaokoa watu wa Ibanda, Kadutu na Bagira na giza. Chupa na mifuko ya plastiki inayosombwa na mvua kutoka mitaa ya mlimani huishia ziwani, halafu huenda kuziba mitambo, na delestaje huzunguka mtaa kwa mtaa. Kwa mwenye kongelateri, kazi huanza umeme unaporudi: ainue kifuniko, aguse mifuko, aamue.

Wapo wanaoshikilia kwamba nyama ikishayeyuka hairudishwi kwenye barafu kamwe. Wapo pia wanaofunga kifuniko na kuacha kila kitu kigande upya, wakiamini baridi itaua kilichoingia. Wote wanakosea. Baridi haiui bakteria, inawalaza tu. Kwenye digrii 18 chini ya sifuri, ambazo ndizo kongelateri nzuri inapaswa kufikia, hawazaliani. Nyama ikipata joto wanaamka, na ukiigandisha tena wanalala wakiwa wengi kuliko mwanzo. Kwa hiyo la kuuliza si kama nyama imeyeyuka, ila imefikia joto gani na kwa muda gani. Nyama yenye chembe za barafu ndani, au iliyo baridi kama iliyotoka kwenye frigo, yaani haijapita digrii 4, inaweza kurudishwa bila hatari. Iliyopita hapo kwa zaidi ya saa mbili itupwe.

Tuchukue mfano wa nyumba moja ya Nguba. Umeme unakatika Ijumaa saa moja jioni na kurudi Jumapili saa tatu asubuhi, jumla ya saa 38. Kongelateri iliyojaa ikiachwa imefungwa hutunza baridi yake kama saa 48. Iliyojaa nusu, kama saa 24. Hii ilikuwa nusu, na watoto waliifungua mara kadhaa kutazama. Chini kabisa kuna bonge la nyama ya ng'ombe la kilo tatu. Limelainika kwa nje, lakini kisu kikichomwa kinagonga barafu katikati. Linarudi. Kuku mzima ana barafu tumboni na ngozi yake ni baridi sana: anarudi pia, au anapikwa siku hiyohiyo. Sombe iliyotwangwa, mfuko ungali mgumu, haina neno.

Juu kulikuwa na nusu kilo ya nyama ya kusaga, nayo imelegea kabisa, haina hata chembe ya barafu. Hiyo ni ya kutupa. Kwenye kipande kizima bakteria wengi hukaa juu ya uso, lakini mashine ya kusaga huwachanganya na nyama yote. Harufu nayo si hakimu wa kutegemewa, maana bakteria wanaoozesha nyama na wanaoleta ugonjwa mara nyingi si walewale.

Pembeni yake kuna mpiodi watatu, laini, macho yakiwa bado mazuri. Hapa ndipo watu wengi huteleza, kwa sababu samaki wa barafu ni ghali na jicho linaona hajaharibika. Mpiodi, kama jodari na makreli, akikaa kwenye joto bakteria hugeuza sehemu ya nyama yake kuwa histamini. Mlaji anahisi mdomo ukiwasha kama amekula pilipili, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, mara nyingi ndani ya saa moja. Histamini haiondoki kwa kugandisha wala kwa kupika. Wanaosema "mama, tutamkaanga sana tu" wanapoteza mafuta. Nyama nayo inaweza kuachiwa na bakteria fulani sumu inayostahimili kuchemka, na kwa mwinuko wa Bukavu, karibu mita 1,500, maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi. Kupika kunafaa kwa nyama iliyoyeyuka ikiwa bado baridi. Ikishaiva vizuri na kupoa haraka, unaweza kuigandisha tena bila wasiwasi. Lakini kupika hakufufui nyama iliyokwisha kukaa kwenye joto.

Tatizo ni kwamba mara nyingi hujui kilichotokea. Umeme unaweza kukatika na kurudi wakati nyumba nzima iko kazini au safarini, ukakuta kila kitu kigumu kana kwamba hapakuwa na lolote. Dawa ni chupa ya plastiki. Itie maji hadi nusu, igandishe ikiwa wima, kisha igeuze kichwa chini na uiache juu ya mifuko, mahali panapoyeyuka kwanza. Barafu itabaki imening'inia upande wa kitako. Ukirudi ukaikuta imeganda upande wa kifuniko, barafu yote iliyeyuka na kuganda upya, na vilivyo juu vitilie shaka. Ikiwa imesogea kidogo tu, palifika joto la kuyeyusha lakini barafu haikuisha. Chupa haikwambii nyama ilifika digrii ngapi, ila inakuambia usiku ule kulitokea kitu.

Usalama ni jambo moja, utamu ni jingine. Kongelateri ya nyumbani hugandisha polepole, na barafu inayojengeka polepole hufanya chembe kubwa zinazotoboa nyuzi za nyama. Kila mzunguko unatoboa zaidi, ndiyo maana nyama iliyogandishwa mara mbili humwaga maji mekundu kwenye sahani na kuwa kavu mdomoni. Ifanye ya mchuzi, si ya kuchoma. Na usirudishe vyote kwa mkupuo: kongelateri ya lita 200 inamudu kugandisha kilo 6 hadi 9 kwa siku, basi. Vifurushi bapa vinaganda haraka kuliko mabonge.

Yale madoa meupe au ya kijivu, makavu kama ngozi ya kiatu, ni shauri lingine. Barafu iliyo juu ya nyama hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji, hewa inaingia mahali pake, na nyama inababuka kwa baridi. Si ugonjwa. Kata doa, pika kilichobaki. Chanzo ni hewa ndani ya mfuko, hivyo finya hewa yote kabla ya kufunga, na tia mifuko miwili. Mfuko mwembamba wa sokoni hauzuii kitu.

Kwa upande wa muda, chakula kilichobaki digrii 18 chini ya sifuri bila kukatizwa hakigeuki sumu hata baada ya mwaka. Kinachopungua ni ladha. Kuku mzima anakaa mwaka, vipande vyake miezi tisa, nyama ya ng'ombe ya vipande kati ya miezi minne na kumi na miwili, ya kusaga mitatu hadi minne. Samaki wa mafuta kama mpiodi na sambaza wa Kivu ni miwili hadi mitatu, kwa sababu mafuta yao huchacha hata kwenye barafu. Hesabu hizi ni za umeme usiokatika. Kwa delestaje zetu, mimi nazigawa kwa mbili.

Na unaponunua kuku wa barafu Kadutu au Nyawera, pindua mfuko kabla ya kulipa. Bonge la barafu nyekundu lililoganda kwenye kona ya chini, mapaja yaliyoshikana kuwa kitu kimoja, au mfuko uliochukua umbo la kona ya kongelateri, vinaonyesha kuku huyo aliyeyuka njiani au dukani. Muuzaji anaweza kukuapia kwamba umeme wake haukukatika. Chukua mwingine.