Kolwezi: Mwongozo wa malaria unapopimwa kwa maswali 23

Mtoto ana degedege, ana malaria kali, na yuko katika kijiji kilicho mbali na Kolwezi. Mwongozo wa Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) unasema hivi: kama ana umri chini ya miaka 6 na sindano haipo, apewe artesunate kupitia njia ya haja kubwa, miligramu 10 kwa kila kilo, mara moja, kisha apelekwe hospitali upesi. Je, muuguzi auamini mwongozo huo?

Kuna chombo cha kuupima, kinaitwa AGREE II, kilichotoka mwaka 2010. Kina maswali 23 katika sehemu 6. Kila swali hupewa alama 1 hadi 7, na wapimaji hawapungui 2. Wakiwa 4 ni bora zaidi.

Sehemu ya ukali wa utayarishaji ina maswali 8. Inauliza kama ushahidi ulitafutwa kwa utaratibu, kama madhara yalipimwa pamoja na faida, na kama kila pendekezo linaonyesha ushahidi wake. Hapa dawa hii ina nguvu: utafiti uliotangazwa mwaka 2009, uliofanyika Ghana, Tanzania na Bangladesh, ulionyesha kwamba iliokoa watoto waliochelewa kufika hospitali.

Sehemu ya utekelezaji ina maswali 4: vizuizi vimetajwa? Kuna msaada wa kuutumia? Gharama zimehesabiwa? Kuna vipimo vya kufuatilia? Tuseme wapimaji 2 wametoa jumla ya alama 26. Alama za chini kabisa ni 8, za juu kabisa ni 56. Unatoa 8 kwenye 26, unabaki na 18. Unagawa kwa 48, yaani 56 kutoa 8. Jibu ni karibu asilimia 38. Alama hiyo husomwa peke yake. Ukiichanganya na sehemu nyingine, ubora wa utayarishaji utaficha udhaifu wa utekelezaji.

Udhaifu huo ulionekana hapa kwetu Congo. Kati ya 2018 na 2020, mradi wa CARAMAL ulifuatilia dawa hii Congo, Nigeria na Uganda. Vifo havikupungua. Dawa ni ile ile, lakini watoto wengi hawakufika hospitali, ama walifika bila kumaliza matibabu, hasa vidonge vya siku 3 vinavyofuata sindano. Januari 2022, OMS iliomba nchi zisimamishe kwanza upanuzi wake, na mwaka 2023 ikatoa maelekezo mapya.

Chombo chenyewe kina mpaka. Kinapima namna mwongozo ulivyoandikwa, hakithibitishi kwamba dawa itaponya. Kwa hiyo timu ya Lualaba ikimaliza kuhesabu, bado ina maswali yake: pikipiki ipo usiku? Barabara inapitika wakati wa mvua? Hospitali ina sindano na vidonge? Majibu yakiwa hapana, kasoro hiyo irekebishwe kabla ya dawa kusambazwa vijijini.