Buti za Elfu Tisini

Karatasi imebandikwa kwenye ubao wa matangazo, kando ya mashine ya kusajili zamu, ikiwa na mhuri wa kiwanda. "Ndugu wafanyakazi," inaanza, "kuanzia tarehe 1 Julai kiwanda hakitagawa tena buti za usalama kutoka stoo. Kila mfanyakazi wa kudumu atachagua na kununua buti zake mwenyewe, na atarejeshewa gharama hadi shilingi 90,000 kwa mwaka." Kabla wasomaji hawajafika aya ya pili, tayari mmoja ameuliza kama elfu tisini hiyo inaingia kwenye mshahara, na mwingine anataka kujua kama buti za mtumba zitakubaliwa.

Barua hii ni ya mfano, na kiwanda chake, cha kukata na kukunja mabati jijini Dar es Salaam, ni cha mfano vilevile. Sheria na viwango inavyogusa ni vya kweli, na ndivyo vinavyoamua kama meneja ameandika barua nzuri au ametafuta njia ya kupunguza matumizi.

Utaratibu wa zamani unajulikana na kila aliyewahi kufanya kazi kiwandani. Mnunuzi analeta jozi mia mbili za aina moja, nyingi zikiwa namba 41 na 42. Mwenye mguu mpana anabanwa, na mwanamke anayevaa namba 37 anapewa 39 na kuambiwa aongeze soksi. Buti isiyokaa vizuri huvuliwa mara tu msimamizi anapogeuka, na ikishavuliwa haimkingi mtu na chochote. Kumpa mfanyakazi nafasi ya kujichagulia kunaondoa tatizo hilo kabisa. Hapo meneja ana hoja.

Shida iko kwenye maneno "hadi shilingi 90,000". Utaratibu wa posho yenye kikomo umezoeleka sana Marekani, na una msingi wake kisheria. Kanuni iliyotolewa huko mwaka 2007 inamtaka mwajiri alipie vifaa vya kujikinga, ila inaacha nje buti za kawaida zenye chuma cha mbele, mradi mfanyakazi anaruhusiwa kuzivaa hata nje ya kazi. Kwa hiyo mwajiri wa Marekani anayechangia sehemu tu ya bei anatoa zaidi ya anavyodaiwa na kanuni hiyo.

Tanzania msimamo ni mwingine. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali unaojulikana kwa kifupi kama OSHA, inaweka jukumu la vifaa vya kujikinga kwa mwajiri. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unalisema jambo hilohilo waziwazi katika ibara ya 21: hatua za usalama na afya kazini hazitamgharimu mfanyakazi chochote. Meneja anayenakili posho ya Marekani neno kwa neno anaweza kujikuta amemtupia fundi wake mzigo ambao ni wa kiwanda. Ndiyo maana sentensi muhimu kuliko zote katika barua hii imejificha kwenye aya ya tano: "Endapo buti zinazofaa kwa kazi yako hazipatikani ndani ya kiasi hiki, usiongeze fedha zako. Muone afisa utumishi kabla ya kununua, na kiwanda kitazinunua moja kwa moja." Bila sentensi hiyo, barua nzima ingekuwa tangazo la kukatwa mshahara kwa lugha ya adabu.

Aya ya pili inaeleza buti zenyewe, na hapa meneja amefanya vizuri kutoishia kwenye maneno kama "imara" au "za ubora". Ametaja alama. Buti ziwe na maandishi ISO 20345 na S1P au S3, yanayosomeka kwenye ulimi au ubavuni. Namba ya kwanza ni kiwango cha kimataifa cha buti za usalama. Inamaanisha kuwa sehemu ya mbele imepimwa kwa pigo la jouli 200, sawa na kitu cha kilo 20 kuanguka kutoka urefu wa mita moja hivi. Anayefanya kazi chini ya winchi inayoinua koili za bati anaelewa kwa nini kipimo hicho kipo, ingawa lazima aelewe pia mpaka wake: koili nzima ina uzito wa tani, na hakuna buti inayoweza kuizuia. Kazi ya chuma hicho ni kukinga vidole na pini, nyundo, roli ndogo au kipande cha bati kinachoteleza mezani.

Herufi zinazofuata zinahusu sakafu. P katika S1P inaonyesha kuwa ndani ya soli mna tabaka la kuzuia kitu chenye ncha, na kiwanda cha mabati hakikosi vipande vikali chini. S3 ina tabaka hilo pia, pamoja na ngozi inayochelewa kupenyeza maji na soli yenye meno. Walio ndani kwenye mashine za kukunja wanatosheka na S1P, ambayo ni nyepesi na haichemshi mguu sana. Wanaopakia magari uani, mvua ya masika ikinyesha, wanahitaji S3. Buti zenye herufi S1 bila P zinafanana na hizo kwa macho, na mara nyingi bei yake ni ya chini. Barua inazikataa, na mhasibu amepewa maelekezo ya kurudisha fomu yoyote inayoziambatanisha.

Kuhusu kudai fedha, utaratibu ni mfupi. Mfanyakazi ananunua, anadai risiti ya mashine ya EFD, anajaza fomu inayopatikana kwa afisa utumishi, kisha anamwonyesha mwakilishi wa usalama buti zenyewe. Mwakilishi anasoma alama, anaandika namba ya buti pamoja na mwezi na mwaka zilipotengenezwa, na kusaini. Fomu zikifika kwa mhasibu kabla ya tarehe 15, fedha zinaingia pamoja na mshahara wa mwezi huo, zikiwa kwenye mstari wake peke yake katika hati ya malipo.

Mstari huo wa peke yake una sababu, na unajibu swali la aliyeuliza kuhusu mshahara. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 huhesabu posho kuwa sehemu ya kipato cha ajira, lakini huacha nje malipo ambayo ni marejesho tu ya fedha alizotumia mfanyakazi kwa ajili ya kazi yake. Chukua fundi anayelipwa shilingi 600,000 kwa mwezi. Kiwanda kingempa elfu tisini mkononi bila kumuuliza risiti, ingeongezwa kwenye kipato chake. Kwa kuwa yuko kwenye ngazi ya kodi ya asilimia 20, angekatwa shilingi 18,000 na kubaki na 72,000, na huenda buti asingenunua kabisa. Akileta risiti ya shilingi 85,000, anarejeshewa 85,000 kamili. Hapati 90,000, maana elfu tano iliyobaki hakuitumia. Wapo watakaoona huo ni ubahili. Lakini siku kiwanda kitakapoanza kulipa kiasi ambacho hakikutumika, malipo yatakuwa posho ya kawaida, na kodi itafuata.

Kuna jambo moja ambalo barua ingelitazama upya. Inamtaka mtu atoe 85,000 mfukoni mwake, kisha asubiri hadi mwisho wa mwezi. Kwa anayelipa kodi ya chumba na ada ya shule kwa mshahara huohuo, kusubiri wiki tatu ni mkopo anaokikopesha kiwanda. Viwanda vingine hukwepa hilo kwa kumpa mfanyakazi hati ya kuchukulia buti katika duka walilokubaliana nalo, naye mwenye duka anadai fedha zake kiwandani. Meneja wa barua hii ameruhusu masurufu ya kabla kwa wanaoomba, jambo zuri, ila ameliweka kwenye maelezo madogo chini kabisa ambako macho ya wengi hayafiki.

Mtumba haukubaliwi. Sababu si dharau kwa mitumba, maana nusu ya mji unavaa kutoka huko. Soli nyingi za buti za usalama zimetengenezwa kwa poliyurethani, plastiki nyepesi yenye povu ndani, nayo huoza taratibu ikikutana na unyevu na joto hata kama buti haikuvaliwa. Jozi iliyokaa ghalani miaka mingi Ulaya, ikapita baharini ndani ya kontena na kutua katika hewa ya pwani, inaweza kung'aa juu huku soli ikiwa imeshakufa. Ikivaliwa siku chache inaanza kumeguka vipande kama keki iliyokauka. Njia ya kuipima ni kuikunja buti kwa nguvu na kukandamiza ubavu wa soli kwa kidole gumba: ikiacha shimo lisilorudi, au ikitoa ungaunga na nyufa ndogo, haifai. Hata kwa buti mpya, mwezi na mwaka wa kutengenezwa vinafaa kusomwa kabla ya kulipa, kwa sababu duka nalo linaweza kuwa na mzigo wa zamani.

Ushauri wa kupima mguu umeandikwa kwa mistari miwili tu, na unatosha. Mfanyakazi aende dukani jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa kusimama kutwa, akiwa na soksi anazovaa kazini. Asimame na buti zote mbili, na kati ya kidole kirefu na chuma cha mbele ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono.

"Kwa mwaka" nako kunahitaji maelezo, kwa kuwa buti hazina kalenda. Barua inasema jozi itabadilishwa kabla ya mwaka kuisha ikiwa soli imepasuka, chuma kimejitokeza, au buti imepokea pigo kubwa mbele. La mwisho ndilo linalosahaulika. Chuma kilichobonyea mara moja kinaweza kuonekana kizima chini ya ngozi, kumbe nafasi juu ya vidole imepungua na nguvu ya kuhimili pigo la pili haipo. Mwenye buti hiyo anaripoti tukio kwa msimamizi wa zamu, analipeleka kwa mwakilishi wa usalama, na madai yake mapya hayahesabiwi kwenye elfu tisini ya mwaka.

Vibarua wa kutwa hawamo kwenye posho, kwa kuwa hakuna anayeweza kumwambia mtu wa siku tatu akanunue buti za 85,000. Kwao stoo itaendelea kuweka jozi kuanzia namba 37 hadi 46, zinazorudishwa jioni, kukaushwa na kupuliziwa dawa ya fangasi kabla ya kupewa mwingine, na kila kibarua atapewa soksi zake. Msimamizi wa zamu haruhusiwi kumpeleka kwenye eneo la koili kabla hajasaini daftari la stoo. Na namba yake ikikosekana, siku hiyo atapangiwa kazi nje ya eneo hilo kwa ujira uleule.