Kioo Kinashuka Lakini Hakipandi

Dereva akifika gereji na kusema kioo cha mlango kimegoma, mara nyingi hupewa jibu la haraka: mota imekufa, tafuta nyingine. Wakati mwingine ni kweli. Lakini kama kioo hicho bado kinashuka vizuri na tatizo lake ni kupanda tu, jibu hilo karibu kila mara si sahihi, na mwenye gari hulipia spea ambayo haikuwa na hitilafu.

Sababu iko kwenye mota yenyewe. Mota ya kioo cha gari ina waya mbili tu. Umeme ukiingia kwa waya wa kwanza na kutokea kwa wa pili, kioo hupanda. Ukigeuzwa, ukaingia kwa wa pili na kutokea kwa wa kwanza, kioo hushuka. Koili ni zilezile, kaboni ni zilezile, giya ni ileile. Mota yenye kaboni zilizoisha au koili iliyoungua hudhoofika pande zote mbili. Hata waya unaokwenda moja kwa moja kwenye mota ukikatika, kioo hakitapanda wala kushuka, kwa kuwa umeme unahitaji waya zote mbili katika safari zote mbili. Kwa hiyo mota isiyotoa hata mlio upande mmoja, na upande wa pili ikafanya kazi kwa nguvu, inatuambia tatizo liko kabla yake: kwenye swichi, au kwenye waya zinazounganisha swichi moja na nyingine.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kioo cha abiria kina swichi mbili, moja mlangoni pake na nyingine kwenye masta swichi iliyo mlangoni kwa dereva. Katika magari mengi ya Kijapani tunayoyatumia, swichi hizo mbili hazijitegemei. Waya mbili za mota hupita kwanza kwenye swichi ya abiria, kisha huendelea hadi kwa masta, na huko, pale usipobonyeza chochote, zote mbili hukaa zimeunganishwa na hasi. Abiria akibonyeza kupandisha, swichi yake huupa waya mmoja umeme wa chanya, na ule mwingine unabaki kutegemea hasi inayotoka kwa masta, mlango wa pili wa gari. Mfumo huu ukishauelewa, kioo chenyewe kinaweza kukuambia kilipoharibika kabla hujafungua skrubu hata moja.

Tuchukue Toyota Corolla ya miaka ya 2000, kioo cha nyuma kushoto. Kinashuka, hakipandi. Hakikisha kwanza kile kitufe cha kufungia vioo vya abiria kwenye masta hakijabonyezwa. Washa swichi ya gari bila kuwasha injini, washa taa ya ndani, kisha bonyeza kupandisha huku ukiitazama taa hiyo. Ikififia kidogo, umeme unaifikia mota na kinachozuia kioo ni kitu cha mitambo: mashine ya kioo, mpira wa pembeni, au mota isiyo na nguvu ya kuinua uzito. Taa isipobadilika kabisa na mlango ukawa kimya, umeme haufiki.

Tuseme taa haikubadilika. Sasa jaribu kwa swichi zote mbili, kupanda na kushuka, na ukumbuke majibu yote manne. Ikiwa swichi ya mlangoni inapandisha na kushusha, ila masta inashusha tu, mguso wa kupandisha ndani ya masta umeungua. Ikiwa masta inafanya yote na swichi ya mlangoni inashusha tu, hitilafu iko kwenye swichi ya mlangoni. Swichi zote mbili zikishusha na zote mbili zikashindwa kupandisha, mshukiwa mkuu ni masta tena. Swichi ya abiria inaweza kuwa nzima kabisa, ila masta haiipi ile hasi inayohitaji.

Katika Corolla yetu majibu ni mengine: swichi ya mlangoni inashusha tu, na masta haifanyi chochote kwa kioo hiki, juu wala chini, wakati vioo vingine inavipandisha na kuvishusha. Mtu angesema swichi mbili zimekufa kwa pamoja. Hapana. Waya mmoja umekatika kati ya masta na swichi ya abiria, na wenyewe ni ule unaobeba umeme wa kushusha. Kioo hakipandi kwa sababu wakati wa kupanda waya huo ndio njia ya kurudi ya umeme, nayo imefungwa. Wakati wa kushuka, swichi ya abiria huuingiza umeme wake yenyewe upande huo, na umeme hurudi kwa waya mwingine ulio mzima, ndiyo maana kioo kinashuka.

Kasoro moja ndani ya swichi ya abiria inaweza kutoa dalili hizohizo, lakini kuitambua ni rahisi. Swichi ya nyuma kulia mara nyingi inafanana na ya kushoto, kwa hiyo zibadilishane kwa muda. Tatizo likihamia upande wa kulia, nunua swichi. Likibaki kushoto, tafuta waya.

Waya za mlango hukatika mahali pamoja kuliko pengine popote: ndani ya ule mpira wenye mikunjo ulio kati ya mlango na bodi, karibu na bawaba. Hapo waya hukunjwa kila mlango unapofunguliwa, na baada ya miaka shaba hukatika ndani huku plastiki ya nje ikionekana nzima. Mlango wa dereva ndio unaofunguliwa zaidi na waya zote za masta hupita hapo, kwa hiyo uanze kuukagua huo hata kama kioo kinachosumbua ni cha nyuma. Mtu mmoja ashike swichi ya kupandisha, mwingine afungue na kufunga mlango taratibu huku akiuminya mpira huo. Kioo kikishtuka, umepata.

Fundi akitaka uhakika zaidi atumie balbu ya indiketa ya wati 21 badala ya mita peke yake. Waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba utaonyesha volti 12 kwenye mita, maana mita haivuti umeme wa maana, lakini hautaweza kuwasha balbu hiyo vizuri. Aunganishe ncha moja ya balbu kwenye chanya ya betri, na ncha nyingine aigusishe kwenye waya mojamoja kati ya zile mbili zinazotoka kwa masta, swichi zote zikiwa zimeachwa. Balbu iwake sawasawa kwa zote mbili. Ule usiowasha, au unaowasha kwa mwanga hafifu, ndio mbovu. Kuuunga, akate na kuongeza kipande cha waya laini wenye nyuzi nyingi, na maungio yakae nje ya sehemu inayokunjwa, yakiwa yamechomelewa kwa risasi. Kusokota na kuzungushia selotepu ndani ya mpira huo ni kazi itakayorudi gereji.

Kioo kinachokwenda taratibu pande zote mbili ni kesi tofauti, na hapa mota inaweza kuwa na hatia. Lakini anza na mipira ambamo kioo huteleza. Vumbi la barabarani likichanganyika na maji hukauka humo, mpira hugeuka mkavu, na mota hulazimika kuvuta kwa nguvu nyingi. Tinti iliyoanza kubanduka pembeni huleta shida hiyohiyo. Safisha mipira kwa kitambaa chenye maji na sabuni, iache ikauke, kisha pulizia silikoni. Usitumie grisi wala oili ya injini, kwani huharibu mpira na kunasa vumbi zaidi. Kioo kikipata mwendo wake, kazi imekwisha.

Kisipobadilika, jaribu injini ikiwa imezimwa na ikiwa inanguruma. Altaneta hupandisha umeme hadi volti 14 hivi, kwa hiyo tofauti ndogo ya mwendo ni ya kawaida. Kilicho muhimu ni volti zinazofika kwenye plagi ya mota wakati kioo kinatembea. Zikipungukiwa na volti moja hivi kuliko zilizo kwenye betri, hakuna neno. Zikipungukiwa na tatu au nne, umeme unapotelea njiani, kwenye mguso wa swichi uliochakaa au kwenye waya, na mota mpya itakwenda taratibu vilevile.

Umeme ukifika vizuri na kioo bado kinajikokota, kitenganishe na mashine yake. Kwa magari mengi ni bolti mbili za spana namba 10. Kishike kioo kwa mikono miwili ukipandishe mwenyewe. Kikiteleza bila kukwama, mipira haina kosa. Kibandike juu kwa selotepu imara, halafu endesha mashine ikiwa tupu. Mashine ya waya iliyoanza kuharibika hutoa sauti ya kukwaruza, na ukiikagua utaona nyuzi za waya zimechomoka au puli ya plastiki imepasuka. Mashine ikiwa safi na mota bado inazembea, au ikaamka pale tu unapoigonga kidogo, kaboni zimeisha. Sasa nunua mota. Jihadhari na mashine ya aina ya mkasi: ina springi iliyokazwa, na mota ikifunguliwa kabla mkono wake haujafungwa imara unaweza kuruka na kukata vidole.

Kuna kosa moja la gereji ambalo ni la hatari kwa kweli, nalo ni kupulizia mafuta ya kulainisha ndani ya masta swichi iliyoanza kukwama. Mwaka 2012 Toyota ilirudisha kwa ukaguzi magari milioni 7.43 duniani, Vitz, Corolla na RAV4 zikiwemo, kwa sababu grisi ndani ya masta ya dereva haikupakwa sawasawa. Ilionya kwamba swichi iliyopuliziwa mafuta ya kawaida ya madukani inaweza kuyeyuka na kutoa moshi. Mwaka 2015 ikarudisha mengine milioni 6.5, mengi ya miaka ya 2005 hadi 2010, kwa swichi ambazo vumbi la miguso iliyochakaa lingeweza kusababisha shoti. Magari ya umri huo bado yamejaa barabarani kwetu. Masta ikitoa harufu ya plastiki inayoungua au ikipata moto ukiigusa, acha kuitumia, chomoa fyuzi ya vioo na uibadilishe.

Vipimo hivi vya swichi mbili havifai kwa magari mapya ambayo swichi hutuma ishara tu kwa kompyuta ya mlango, wala kwa kioo cha dereva chenye kujipandisha chenyewe. Kioo cha aina hiyo kikipanda kisha kikarudi chini, mara nyingi ni kinga ya kutobana vidole iliyohisi mpira mkavu, au mfumo uliopoteza kumbukumbu betri ilipochomolewa. Kwa mengine yote, fundi akitaka kukuuzia mota kwa kioo kinachoshuka vizuri na kikawa kimya wakati wa kupanda, mwambie kwanza ajaribu swichi zote mbili mbele yako.