Jino la A2 kando ya jino lako

Jino la mbele likivunjika, daktari hulivika kofia ya kauri, lakini kofia hiyo aghalabu hutengenezwa na fundi aliye maabara nyingine, ambaye hatamwona mgonjwa. Anachopata ni picha. Na picha husema uongo: chini ya taa ya manjano jino jeupe huonekana kama limepakwa samli, na mwanga mkali wa kamera hulifanya karatasi.

Ndiyo maana daktari hushika kando ya jino kijino cha mfano kutoka kwenye seti ya rangi. Seti ya Vita, inayotumika sana, ina vijino 16, kuanzia A1 hadi D4. Kundi A lina wekundu wa kahawia, C ni la kijivu.

Tuseme kijino kilichopigwa picha ni A2. Kamera ikikosea, itakosea kwa vyote viwili. Fundi ana A2 yake mkononi, hivyo haangalii rangi ya picha, anaangalia tofauti. Jino likiwa jeusi kidogo kuliko A2, na wekundu ule ule, atajaribu A3.

Kijino kiwe sambamba na jino, ncha kwa ncha. Kikisogea mbele kuelekea kamera, kitang'aa zaidi na kumpotosha fundi. Herufi zake zisomeke. Tena picha ipigwe kabla ya kuchonga, kwa sababu jino likikauka huwa jeupe kuliko kawaida, na huchukua muda kurudia rangi yake.