Kwa Nini Bango la Taa Huwaka Vizuri Mezani na Kuyumba Ukutani

Fundi ananunua ukanda wa taa za rangi wa mita 5 ili auzungushe kwenye bango la duka la nguo. Kwanza anajaribu kipande kifupi mezani. Anakilisha kutoka kwenye bodi ya ESP32 iliyochomekwa kwa USB, na rangi zinakimbia kama alivyotaka. Siku ya kufunga bango anaweka pawa sapulai nzuri ya volti 5. Hapo taa ya kwanza inaanza kumulika kijani bila kuamriwa, zinazofuata zinachezacheza, na huko mwisho wa ukanda rangi nyeupe imekuwa ya manjano. Programu ni ileile iliyofanya kazi mezani.

Wengi hapo hurudi kwenye programu na kuibadilisha usiku kucha. Lakini makosa hayo ni mawili tofauti, na yote yanatokana na umeme. La kushangaza ni kwamba kosa la mwanzo wa ukanda lilikuwepo tangu mezani, ila umeme dhaifu wa USB ulikuwa umelificha. Ili kuona lilivyojificha, tuanze na jinsi taa hizi zinavyopokea amri.

Waya mmoja, taa mia tatu

Ukanda tunaouzungumzia ni wa aina ya WS2812B, wenye taa 60 kwa kila mita. Ndani ya kila taa kuna chipu ndogo, na ndiyo maana kila moja inaweza kupewa rangi yake. Amri zote hupita kwenye waya mmoja wa data. Maikrokontrola hutuma biti 24 kwa kila taa: 8 za kijani, 8 za nyekundu, kisha 8 za buluu. Biti hizo hupita kama sinia la maandazi mstarini: wa kwanza huchukua fungu lake, kisha hupitisha lililobaki kwa jirani.

Hakuna waya wa pili wa kuonyesha biti moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Chipu hupima muda tu. Waya ukipanda juu kwa takriban mikrosekunde 0.4 kisha ukashuka, hiyo ni 0. Ukikaa juu kwa takriban 0.8, hiyo ni 1. Biti nzima huchukua mikrosekunde 1.25, na mpigo ukizidi au ukipungua kwa zaidi ya mikrosekunde 0.15 chipu inaweza kuusoma vibaya. Waya ukikaa chini kimya kwa muda mrefu zaidi, taa huelewa kwamba ujumbe umekwisha na huonyesha rangi zilizopokea. Chipu za zamani zilihitaji kimya cha mikrosekunde 50. Mpya nyingi huhitaji 280.

Hapa ndipo maikrokontrola huweza kuharibu mambo. Bodi ya ESP32 inashughulikia pia Wi-Fi, na kazi hiyo ikiingilia katikati ya utumaji, kimya kisichokusudiwa hujitokeza. Ukanda hudhani ujumbe umekwisha. Biti zilizobaki zinapofika, taa ya kwanza huzichukua kana kwamba ni zake, na picha nzima huruka hadi mwanzo wa ukanda kwa kufumba na kufumbua. Ndiyo maana maktaba za programu kwenye ESP32 hutumia sehemu ya ndani ya chipu iitwayo RMT, ambayo hutoa mipigo yenyewe huku kichakataji kikiendelea na mengine. Arduino Uno haina msaidizi wa namna hiyo. Huzima usumbufu wote hadi imalize kutuma, na kwa taa 300 hiyo ni milisekunde 9 za kuwa kiziwi. Rimoti ya mionzi isiyoonekana ikibonyezwa wakati huo, haisikiki.

Mpigo wa volti 3.3 na kizingiti cha volti 3.5

Muda ukiwa sahihi, bado mpigo unatakiwa uwe mrefu wa kutosha kwa volti. Chipu ya WS2812B huhesabu kwamba waya uko juu pale volti inapofikia asilimia 70 ya umeme unaoilisha. Ikilishwa volti 5 kamili, kizingiti ni volti 3.5. ESP32 hutoa volti 3.3. Imepungukiwa kidogo, na upungufu huo mdogo ndio unaozalisha taa zinazochezacheza: baadhi ya mipigo inasomeka, mingine haisomeki, kutegemea joto, urefu wa waya na chipu yenyewe.

Sasa turudi mezani. Kwenye bodi nyingi za ESP32, umeme wa USB hupita kwanza kwenye dayodi kabla ya kufika pini ya volti 5, na dayodi hiyo hula sehemu yake. Tuseme kinachofika kwenye ukanda ni volti 4.6. Asilimia 70 ya 4.6 ni 3.22, na volti 3.3 za ESP32 zinapita juu ya kizingiti hicho. Fundi alipoweka pawa sapulai nzuri, alipandisha kizingiti hadi 3.5 bila kujua. Alipoboresha umeme, aliidhoofisha data.

Dawa ni chipu ya kupandisha volti iwekwe kati ya ESP32 na ukanda. Inayofaa na isiyo ghali ni 74AHCT125. Yenyewe hulishwa volti 5, lakini kwake volti 2 tu zinatosha kuhesabiwa kuwa juu, na ikishazipokea hutoa mpigo wa karibu volti 5. Pini ya 14 huunganishwa na volti 5 na pini ya 7 na graundi. Pini ya 1 nayo huenda graundi ili mlango wa kwanza wa chipu ubaki wazi. Data ya ESP32 huingilia pini ya 2 na kutokea pini ya 3. Kutoka hapo hupita kwenye resista ya omu 330 hadi kwenye sehemu ya ukanda iliyoandikwa DIN. Resista hiyo hutuliza mipigo inayorudi nyuma kwenye waya. Pini za kuingiza za milango mingine mitatu zisiachwe zikielea. Ziunganishwe na graundi.

Dukani soma maandishi ya chipu herufi kwa herufi. Iliyoandikwa 74HC125, bila herufi T, ina umbo lilelile na pini zilezile, lakini ikilishwa volti 5 nayo hudai karibu volti 3.5. Ukiifunga hiyo umehamisha tatizo, hujalitatua. Vibodi vidogo vya kubadilisha volti vinavyotumia transista ya BSS138 pia havifai hapa. Vilikusudiwa mawasiliano ya polepole, na mpigo wake hupanda taratibu mno kwa biti 800,000 kwa sekunde.

Kulisha ukanda zaidi ya sehemu moja

Umanjano wa mwishoni una chanzo kingine. Kila taa ina vinundu vitatu vya rangi, na kimoja kinaweza kuvuta miliampea 20. Nyeupe kamili huwasha vyote, yaani miliampea 60 kwa taa. Zidisha kwa 300 upate ampea 18. Mkondo huo ukiingilia upande mmoja tu, hupita kwenye shaba nyembamba ya ukanda, na volti hupungua kadiri unavyosonga mbele. Nyekundu huridhika na takriban volti 2, lakini kijani na buluu huhitaji karibu 3. Umeme unapofifia, buluu na kijani hudhoofika kwanza, na nyeupe huelekea manjano, kisha wekundu.

Bango la duka halihitaji ampea 18. Nyeupe kamili ya ukanda huu huumiza macho usiku. Tuweke kikomo cha ampea 9 na tutumie pawa sapulai ya ampea 12, ili isifanye kazi ukingoni mwa uwezo wake. Maktaba ya FastLED hukadiria mkondo yenyewe na kupunguza mwanga unapokaribia kuvuka kikomo:

```cpp
#include <FastLED.h>
CRGB taa[300];
void setup() {
  FastLED.addLeds<WS2812B, 16, GRB>(taa, 300);
  FastLED.setMaxPowerInVoltsAndMilliamps(5, 9000);
}
void loop() {
  fill_solid(taa, 300, CRGB::White);
  FastLED.show();
}
```

Sasa waya. Tuseme pawa sapulai iko mita 3 kutoka kwenye bango. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba una ukinzani wa takriban omu 0.012 kwa mita. Kwenda na kurudi ni mita 6, hivyo tuna omu 0.07. Ukipitisha ampea 9, unapoteza zaidi ya volti 0.6 kabla hata ya taa ya kwanza. Tumia badala yake jozi mbili za waya wa milimita 2.5, moja iende mwanzo wa ukanda na nyingine mwisho. Kila jozi itabeba takriban ampea 4.5, na hasara itashuka hadi karibu volti 0.2. Taa za katikati nazo hazitakuwa mbali na chanzo kwa zaidi ya mita 2.5. Zikibaki na umanjano, ongeza jozi ya tatu katikati.

Kila jozi ipewe fyuzi yake upande wa volti 5, maana shoti kwenye pawa sapulai ya ampea 12 hutosha kuyeyusha waya. Mwanzoni mwa ukanda weka kapasita ya mikrofaradi 1000 ili kuzuia mshtuko wa kuwasha. Graundi ya ESP32 lazima iungane na graundi ya ukanda, la sivyo mpigo wa data hauna pa kupimiwa. Ukitumia pawa sapulai mbili, unganisha graundi zao, lakini kata njia ya volti 5 kati ya vipande vinavyolishwa na kila moja, zisije zikashindana.

Kusoma ugonjwa

Washa nyeupe, kisha pima kwa mita volti za mwanzo na za mwisho wa ukanda. Pengo kubwa kati ya hizo mbili, hasa mwisho ukiwa chini ya volti 4.5, ni tatizo la ulishaji. Kisha washa taa moja tu kwa mwanga hafifu. Mkondo sasa ni mdogo, kwa hiyo kama taa za mwanzo bado zinachezacheza, shughulikia data: mshale wa ukanda, graundi, na volti ya mpigo. Zikitulia ukizima Wi-Fi, kosa liko kwenye muda. Mita haitakuonyesha mipigo yenyewe, kwani inapita upesi mno na yenyewe huonyesha wastani tu.

Chipu ya kwanza ikishasoma vizuri, huutengeneza mpigo upya kabla ya kuupitisha, na kila jirani hufanya hivyohivyo. Kwa hiyo urefu wa ukanda hauchakazi data. Unachokula ni muda. Bango la mita 20 lina taa 1,200, na kuzitumia ujumbe mmoja huchukua milisekunde 36. Hiyo ni picha zisizofika 28 kwa sekunde, na rangi zinazokimbia zitaonekana zikirukaruka. Gawa bango hilo sehemu nne, kila moja na pini yake ya ESP32 zikitumiwa kwa pamoja. Chipu ileile ya 74AHCT125 ina milango minne, na hapo yote itapata kazi.