Je, Wajua? Opsheni mbili huzaa hisa moja

Unaweza kubeba faida na hasara ya hisa bila kuinunua leo. Nunua opsheni ya kununua hisa kwa dola 100 baada ya mwaka, kisha uza opsheni ya kuuza ya bei na tarehe ileile. Siku ikifika, hisa ikizidi dola 100 utaichukua kwa hiari. Ikishuka, mwenye opsheni uliyomuuzia atakulazimisha uichukue. Kwa vyovyote, utalipa 100 upate hisa.

Kwa hiyo tofauti ya bei za opsheni hizo lazima iwe bei ya hisa ukitoa thamani ya leo ya dola 100. Hisa ikiwa dola 100 na riba asilimia 5, tofauti ni 100 − 95.24 = 4.76.

Tuseme ya kununua inauzwa 9 na ya kuuza 3. Tofauti ni 6: ya kwanza ni ghali mno ikilinganishwa na ya pili. Mfanyabiashara huiuza, hununua ya pili pamoja na hisa, na kukopa dola 94 zinazopungua. Mwakani hupokea 100, hulipa 98.70, hubakiwa na 1.30.

Kanuni hii inahusu opsheni zinazotumika siku ya mwisho tu, kwa hisa isiyotoa gawio. Ada zikizidi 1.30, faida haipo.