Kwa nini Ctrl+C hainakili ndani ya terminali

Anayebonyeza Ctrl+C ndani ya terminali akitarajia kunakili maandishi huenda akaikatiza kazi iliyokwisha kuendelea kwa saa nzima. Vitufe hivyo hutuma alama ya 3 ya ASCII, ambayo Linux huichukulia kuwa agizo la kusitisha programu. Ndiyo maana terminali nyingi za Linux hunakili kwa Ctrl+Shift+C.

Mtumiaji wa kitty aweza kuandika hivi katika faili la `kitty.conf`, kisha akabonyeza Ctrl+Shift+F5:

```
map ctrl+c copy_and_clear_or_interrupt
```

Maandishi yakiwa yamechaguliwa, Ctrl+C huyanakili na kuufuta uteuzi. Yasipochaguliwa, husitisha programu kama kawaida. Kwa hiyo mwenye haraka akibonyeza mara mbili, pigo la pili ndilo litakaloikatiza kazi.